Umetutumia ofa mbili za mkopo ukauliza "ipi poa?" Haya ndiyo tunayotaka kujua kabla ya kukujibu

Ujumbe wenyewe huwa mfupi sana. Picha mbili za skrini, moja juu ya nyingine, kisha maneno mawili au matatu: "Ipi poa?" au "Nichukue gani?" Wengine hawaandiki hata neno, wanaweka tu alama ya kuuliza. Mara nyingi picha hizo ni ofa mbili za mkopo wa simu, na mara nyingi zimetumwa usiku, wakati mtu amekaa na simu na kuna jambo la pesa linalomsubiri asubuhi.

Tunaelewa kwa nini mtu anauliza hivyo. Ofa zote mbili ziko mbele yako, tarakimu zimeandikwa, na inaonekana kama jibu limo humo humo kwenye picha, kinachohitajika ni mtu mwenye ujuzi aangalie na kuonyesha kwa kidole. Wakati mwingine ni kweli, jibu limo kwenye picha. Lakini mara nyingi halimo. Ni kama kufika stendi ukamuuliza makanga gari gani ni zuri bila kumwambia unaenda wapi. Atakuelekeza kwa lake, bila shaka.

Na hapo tuseme jambo moja wazi. Kama mojawapo ya ofa hizo imekuja kupitia apu yetu, basi na sisi ni makanga. Hiyo ndiyo sababu wenzetu wa dawati la wateja hawaruhusiwi kukwambia "chukua hii." Wanachoweza ni kukusaidia kuzisoma ofa zote mbili kwa kipimo kimoja. Leo tunakuonyesha wanavyofanya, ili uweze kufanya mwenyewe hata saa nne usiku.

Kabla ya kulinganisha, hakikisha ni ofa mbili kweli

Kuna picha zinazotufikia ambazo si ofa mbili. Ni ofa moja na mtego mmoja. Mtego huwa na sura nzuri kuliko ofa ya kweli: kiasi kikubwa, riba ndogo, hakuna maswali. Kisha chini kabisa, au kwenye esemesi inayofuata, unaambiwa utume kwanza pesa kidogo ya "bima" au ya "usajili" ndipo mkopo uachiliwe, na nambari ya kutumia ni ya mtu binafsi. Mkopeshaji halali hukata ada yake kwenye mkopo au huiongeza kwenye deni. Hakwambii umtumie pesa kwanza. Ukiona hivyo, acha kulinganisha, imebaki ofa moja.

Kwa zile zinazobaki, angalia jina la kampuni kwenye orodha ya wakopeshaji wenye leseni ambayo Benki Kuu ya Kenya huiweka kwenye tovuti yake. Tangu kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022, kampuni ya kukopesha kwa simu inatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na inatakiwa kukueleza gharama na masharti kabla hujakubali. Kumbuka kwamba jina la apu na jina la kampuni huenda yakawa tofauti. Jina la kampuni hupatikana kwenye masharti, na lenyewe ndilo la kutafuta.

Pale ambapo jibu limo kwenye picha

Tuseme umetuletea ofa mbili za shilingi 10,000, zote za siku 30, zote zinaingia kamili kwenye simu, kampuni zote zina leseni. Moja inataka urudishe 10,800, nyingine 11,200. Masharti ya kuchelewa ni yale yale. Hapa hatuhitaji kujua pesa ni ya nini, wala mshahara wako ni ngapi, wala kama una watoto. Ya kwanza inaishinda ya pili kwa shilingi 400 na haishindwi kwa lolote. Yeyote unayemuuliza, mwenye akili timamu, atakwambia hivyo.

Ofa za namna hii zipo lakini ni chache, kwa sababu wakopeshaji nao wanaonana. Asiyeshindana kwa bei atashindana kwa muda, au kwa ukubwa wa awamu, au kwa kufanya bei isomeke vizuri. Kwa hiyo ofa mbili utakazopewa karibu kila mara zitatofautiana kwa vitu viwili au vitatu kwa pamoja, moja inashinda hapa na nyingine inashinda pale. Ikifika hapo, picha pekee haziwezi kujibu. Lazima na wewe useme kitu.

Ofa mbili za mama wa mitumba

Hii ndiyo kesi tunayopenda kuitumia tunapowafundisha wenzetu wapya. Mama mmoja anayeuza nguo za mitumba alitutumia picha mbili. Tarakimu tumezizungusha ili hesabu isomeke kwa urahisi na mwenyewe asitambulike.

Picha ya kwanza, tuiite A, ilisema: mkopo 30,000, ada 8%, siku 30, lipa 32,400. Picha ya pili, B: mkopo 30,000, riba 4% kwa mwezi, miezi 3, lipa 11,200 kila mwezi. Chini yake akaandika: "Naona hii ya 4 ni nusu. Ama?"

Karibu kila mtu husoma hivyo. Nne ni nusu ya nane, basi B ni nusu bei. Lakini fuata pesa yenyewe, usifuate asilimia.

Kwenye A, shilingi 30,000 zinaingia kwenye simu, na siku ya 30 zinatoka 32,400. Gharama ni 2,400. Hakuna kingine.

Kwenye B, mwenzetu alimwomba mama ateremshe skrini ile hadi chini kabisa na apige picha nyingine. Kumbe palikuwa na ada ya kushughulikia mkopo ya 3%, yaani 900, pamoja na ushuru wa bidhaa juu ya ada hiyo, 180. Zote zinakatwa mwanzoni. Kwa hiyo kinachoingia kwenye simu si 30,000, ni 28,920. Kinachotoka ni 11,200 mara tatu, yaani 33,600. Toa kilichoingia kutoka kwa kilichotoka: gharama ni 4,680. Karibu mara mbili ya A.

Basi sasa A ndiyo nusu bei? Hapana, na hapa ndipo wengi wanaruka kutoka upande mmoja wa kosa hadi mwingine. B inakaa na wewe miezi mitatu, A mwezi mmoja. Kulinganisha gharama hizo mbili moja kwa moja ni kama kulinganisha kodi ya nyumba ya mwezi na ya miezi mitatu.

Lakini pia B haikai na wewe miezi mitatu ikiwa nzima. Mwezi wa kwanza unashikilia pesa yao yote, kama 30,000. Ukilipa awamu ya kwanza, umerudisha theluthi moja ya deni, kwa hiyo mwezi wa pili unashikilia kama 20,000, na mwezi wa tatu kama 10,000 tu. Jumlisha: 30,000 na 20,000 na 10,000 ni 60,000. Ni kana kwamba umekopa 60,000 kwa mwezi mmoja ukatozwa 4,680. Gawanya 4,680 kwa 60,000 unapata 7.8%. Ukifanya hesabu kwa ukamilifu, ukizingatia kwamba uliingiziwa 28,920 na si 30,000, inakaribia 7.9% kwa mwezi.

Yaani ile ya "4%" na ile ya "8%" bei yake ni karibu moja.

Hakuna uongo ulioandikwa kwenye picha. Tatizo ni kwamba 4% ya B inatozwa kwa mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, hata baada ya kuwa umesharudisha sehemu yake. Mwezi wa tatu unabakiwa na deni la 10,000 hivi lakini riba bado ni 1,200, ile ile ya mwezi wa kwanza. Kuna wakopeshaji wanaotoza riba kwa salio linalopungua, na kwao 4% ingekuwa 4% kweli. Njia ya haraka ya kutofautisha ni kuzidisha: kiasi cha mkopo mara riba mara idadi ya miezi. 30,000 mara 4% mara 3 ni 3,600. Ukijumlisha na mkopo ukapata hasa jumla ya awamu zote, 33,600, basi riba inatozwa kwa mkopo mzima. Ingekuwa ya salio linalopungua, jumla ingekuwa chini ya hapo.

Kwa hiyo mama alikuwa na ofa mbili zenye bei karibu sawa, na swali lake bado halijajibiwa. Bei haiwezi kulijibu. Ndipo mwenzetu akamwandikia: "Asante mama. Hii pesa ni ya nini, na ya kulipa itatoka wapi?"

Jibu lilipobadilisha kila kitu

Akajibu kwamba anataka robota moja la nguo za watoto, na robota lenyewe ni 30,000. Akifungua, kamera, zile nguo za kwanza nzuri kabisa, zinaenda wiki ya kwanza, na kwa kawaida mtaji wake unarudi ndani ya wiki tatu. Januari ni wiki tano.

Sentensi hizo chache zina uzito kuliko picha zote mbili. Kwanza, B inamwingizia 28,920. Robota ni 30,000. Amepungukiwa na 1,080 kabla hata hajatoka nyumbani, na muuzaji wa marobota hatampunguzia kwa sababu mkopo ulikatwa ada. Angelazimika kutafuta hiyo elfu moja kwingine. Pili, pesa yake inarudi kwa mkupuo na mapema. Hana haja ya kukaa na deni miezi mitatu. Kwa mwezi wa kawaida, A inamgharimu 2,400 na imeisha, na ana wiki moja ya ziada kati ya mtaji kurudi na siku ya kulipa.

Lakini mwenzetu hakuishia hapo. Alimwambia aingie kwenye taarifa ya akaunti yake kwenye simu, arudi nyuma miezi mitatu, atafute siku ambayo salio lilikuwa juu kabisa. Hii ni hatua ndogo ambayo tunaona watu wengi hawaifikirii. Ofa A inahitaji uwe na 32,400 siku moja. Si kwa jumla ya mwezi, ni siku moja, zote pamoja. Mtu anaweza kupitisha laki moja kwenye simu kwa mwezi na salio lake lisiwahi kuvuka 15,000, kwa sababu pesa inaingia na kutoka. Kwa mtu huyo, ofa ya kulipa kwa mkupuo ni ahadi ambayo akaunti yake haijawahi kuitimiza.

Salio la juu la mama lilikuwa kama 41,000. Kwa hiyo inawezekana, lakini aliona pia kwamba kila likifika hapo, kesho yake limeshuka, kwa maana amenunua mzigo mwingine. Kwake hatari ya A haikuwa biashara mbaya. Hatari ilikuwa biashara nzuri, ile inayomfanya mtu akimbilie robota la pili kwa pesa ambayo tayari ina mwenyewe.

Na tukaangalia kitakachotokea akichelewa, kwa sababu bei ya mkopo ni ya yule anayelipa kwa wakati. Masharti ya A yalimruhusu kuongeza siku 30 nyingine kwa 8% ya anachodaiwa. 32,400 inakuwa 34,992. Akiongeza tena, 37,791. Kwa miezi mitatu gharama inafika 7,791, dhidi ya 4,680 ambazo angetozwa na B kwa miezi hiyo hiyo mitatu. Kwa maneno mengine, A ni nafuu ikiwa ni ya mwezi mmoja kweli. Ukijua moyoni kwamba utaiongeza, basi unachukua mkopo wa miezi mitatu wa bei ghali kwa jina la mkopo wa mwezi mmoja.

Lilibaki swali moja ambalo hakuna picha hata moja iliyoligusa: akichukua B na akailipa yote baada ya mwezi mmoja, je, riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Ikifutwa, B ingemgharimu ile ada ya 1,080 na riba ya mwezi mmoja, 1,200, jumla 2,280. Hiyo ni chini ya A kwa shilingi 120, na juu yake ana nafasi ya kuendelea miezi miwili zaidi Januari ikimbana. Isipofutwa, analipa 4,680 kwa mwezi mmoja, na hakuna sababu ya kuifikiria tena. Ofa ni ile ile, picha ni ile ile, lakini sentensi moja iliyoko kwenye masharti inaipeleka juu au chini kabisa.

Tulimwambia apige simu kwa mkopeshaji wa B aulize. Sisi hatungeweza kumuulizia. Akaambiwa riba ni yote, hata ukilipa kesho. Mama akachukua A, na pesa ya kulipa akawa anaitenga kidogo kidogo kila jioni kwenye akiba ya simu, isikae kwenye salio la kununulia mzigo.

Picha zile zile, mzazi mwingine

Sasa chukua ofa hizo hizo mbili, bila kubadilisha hata tarakimu, umpe mtu aliyeajiriwa. Mshahara unaoingia mkononi ni 38,000. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, salio ni 28,000.

Kwanza, ule upungufu wa B haumsumbui. Anahitaji 28,000, zinaingia 28,920, zinatosha na nauli. Pili, pesa ya karo hairudi kama ya robota. Hakuna kitu kitakachouzwa wiki ijayo. Cha kulipia ni mshahara peke yake. Akichukua A, mwisho wa mwezi analipa 32,400 na anabaki na 5,600 kwa kodi, chakula, nauli, kila kitu. Hiyo haiwezekani. Anachofanya mtu katika hali hiyo, na tunaona kwenye miamala, ni kukopa kwingine kulipia A. Akichukua B, kila mwezi zinatoka 11,200 na anabaki na 26,800. Atakaza mkanda miezi mitatu, lakini anaishi.

Kwa huyu, B ndiyo bora, ingawa inamgharimu 2,280 zaidi ya A. Hizo 2,280 ni bei ya kugawanyiwa mzigo mara tatu. Anaweza kuiona ni ghali, na ni haki yake, pengine bursari wa shule akikubali alipwe kwa awamu hahitaji mkopo wowote kati ya hizo mbili. Hilo nalo ni jibu, na ndilo ambalo mtu aliyeulizwa "ipi kati ya hizi" hawezi kulitoa kama hajui kwamba ni karo.

Ndiyo maana tunasita tukiona picha mbili bila maneno. Tungemjibu mama "B" kwa sababu ya zile 4%, angepungukiwa na robota lake. Tungemjibu mzazi "A" kwa sababu gharama yake ni ndogo, angekuwa na madeni mawili kufikia mwezi wa pili.

Vitu ambavyo picha huficha

Kuna mengine mawili ambayo tumeona yakigeuza jibu, na hayaonekani kwenye picha ya kwanza.

Moja ni namna ya kukusanya. Baadhi ya mikopo hujilipa yenyewe: siku ikifika, pesa inachukuliwa kwenye salio lako, na kama haitoshi kinachukuliwa kilichopo na kila kinachoingia baadaye. Kwa mwajiriwa hili halina neno sana, pengine hata linamsaidia kukumbuka. Kwa mfanyabiashara ambaye salio la simu ndilo pochi ya kununulia mzigo, linaweza kumkuta yuko sokoni, amechagua, amepiga bei, na salio limeisha. Soma kama masharti yanasema hivyo, na kama yanasema, panga ununuzi usigongane na tarehe hiyo.

Nyingine ni tarehe yenyewe. "Siku 30" si "mwisho wa mwezi." Ukikopa tarehe 12 kwa siku 30, deni linaiva kati ya tarehe 11 na 14 mwezi unaofuata, kulingana na mwezi wenyewe, na mshahara wako unaingia tarehe 28. Ofa mbili zinaweza kuwa sawa kwa kila kitu, moja ikaiva kabla ya mshahara na nyingine baada yake. Hiyo ya baada ndiyo yako, hata kama imezidi kwa mia mbili.

Unapotuandikia

Endelea kututumia picha, hatujachoka nazo. Ila weka na maneno kidogo. Tuambie pesa ni ya nini na unahitaji ngapi kamili mkononi. Tuambie ya kulipa itatoka wapi na siku gani, na kama itakuja kwa mkupuo au kidogo kidogo. Kama kuna jambo unaliogopa zaidi ya mengine, mathalani kuripotiwa CRB, au simu kukatwa pesa za biashara, litaje. Kisha utume skrini nzima ya kila ofa, kuanzia juu hadi pale masharti yanapoishia, hata kama ni picha nne.

Na kabla ya kutuma, funika nambari ya kitambulisho na nambari yako ya simu kama zinaonekana kwenye picha. Hatuzihitaji kulinganisha ofa. PIN hatuihitaji kwa lolote, na mtu yeyote anayekuomba PIN akisema ni wa dawati letu, huyo si wetu.